Valorant yanikataa na VAN9001, nikagusa BIOS, sasa Windows haiwaki kabisa. Niko Amu, msaada

JahaziLangoni · Amu · Alhamisi, saa 3:10 usiku

Assalamu alaikum jamaa. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua Mombasa mwezi uliopita, ya mtumba, ikaletwa kwa basi hadi Mokowe kisha kwa mashua hadi huku kisiwani. Ni Ryzen 5 2600, RAM ya GB 16, SSD moja ya GB 480 na kadi ya RX 570. Windows 11 aliiweka fundi aliyeniuzia.

Kila gemu yacheza isipokuwa Valorant. Nikiifungua, yaniletea dirisha lenye VAN9001, lasema Vanguard yataka TPM 2.0 na Secure Boot ziwe zimewashwa. Sijawahi kuingia BIOS maisha yangu na naogopa kuharibu, maana huku fundi wa bodi simjui hata mmoja. D: kuna picha zote za arusi ya dada yangu, GB 60 na kitu. Nifanye nini, na nianzie wapi?

KasiYaUmeme · Malindi, Majengo · Alhamisi, saa 3:25 usiku

Hilo jambo la dakika mbili. Washa mashine huku wabonyeza Delete, ingia BIOS, tafuta AMD CPU fTPM, weka Enabled. Kisha nenda Boot, zima CSM Support, itatokea menyu ya Secure Boot, weka Enabled, bonyeza F10. Mimi nilifanya hivyo kwangu ikakubali mara moja.

NahodhaWaPad · Malindi · Alhamisi, saa 3:31 usiku

Hata mimi PS4 yangu ikiwaka yaishia kwenye rangi ya samawati haiendelei. Hiyo Secure Boot iko sehemu gani ya menyu ya PS?

JahaziLangoni · Alhamisi, saa 4:05 usiku

Kasi, nimefuata hatua moja moja. fTPM nimewasha. CSM nimezima. Secure Boot nimeweka Enabled. F10, Yes. Sasa mashine ikiwaka yarudi BIOS moja kwa moja. Nimezima na kuchomoa waya wa stima mara tatu, yarudi pale pale. Kwenye orodha ya Boot hakuna diski hata moja. Jamani, picha zimeenda?

KasiYaUmeme · Alhamisi, saa 4:09 usiku

Aa, basi hiyo Windows yako ni mbovu. Weka upya kwa flashi, futa partisheni zote, itakaa sawa.

FundiWaBarani · Malindi, Barani · Alhamisi, saa 4:14 usiku

Jahazi, usifute chochote. Weka flashi kando. Picha ziko na Windows yako ni nzima. Rudi BIOS, CSM Support irudishe Enabled, F10. Windows itawaka kama jana. Ukishaingia, andika hapa, tuendelee polepole.

Nahodha, ya PS ni jambo jingine kabisa, fungua uzi wake tukusaidie huko. Secure Boot tunayoizungumza hapa iko kwenye bodi ya kompyuta.

JahaziLangoni · Alhamisi, saa 4:22 usiku

Imewaka!! Alhamdulillah. Picha zote ziko. Fundi, Mungu akulipe. Lakini nataka kuelewa: kwa Kasi ilikubali, kwangu ikapoteza diski, kwa nini?

FundiWaBarani · Alhamisi, saa 4:50 usiku

Kwa sababu Windows yako iliwekwa kwa njia ya kizamani. Alivyokueleza Kasi si uongo, ila ni nusu ya safari, na nusu hiyo yafaa tu kwa mtu ambaye diski yake tayari ni GPT, yaani imepangwa partisheni kwa mtindo mpya, si ule wa zamani uitwao MBR. Ya kwako nina hakika ni MBR. Diski ya MBR huwaka kupitia ile CSM, ambayo kazi yake ni kuiga BIOS ya zamani. Ukizima CSM, bodi yabaki na UEFI tupu, ule mfumo mpya wa kuwashia, na UEFI yatafuta faili ya kuwashia kwenye partisheni ya EFI. Diski yako haina partisheni hiyo, basi bodi yakosa cha kuwasha na kukurudisha kwenye menyu. Hakuna kilichofutika.

Windows 11 kwa kawaida haikubali kuwekwa hivyo. Aliyeiweka alitumia flashi iliyoondolewa masharti ya TPM na Secure Boot. Ndio maana gemu nyingine hazilalamiki, ila hii yakagua yenyewe.

Na yakagua kwa sababu: dereva wa Vanguard, mlinzi wa Valorant dhidi ya chiti, huwaka pamoja na Windows, mapema sana. Lakini kuna chiti zinazojipenyeza kabla Windows haijaanza, zikakaa chini yake, na mlinzi aliyekuja nyuma yao haoni kitu. Secure Boot yafanya bodi ikatae kuwasha faili ambayo saini yake haitambui. Battlefield 6 nayo yaidai, na FACEIT vilevile, kwa hivyo hata ukiacha Valorant, jambo hili litakufuata.

Sasa kabla ya kugusa BIOS tena, nipe majibu ya mambo matatu, yote kutoka ndani ya Windows:

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `msinfo32`. Nisomee mstari wa BIOS Mode na wa Secure Boot State.

Windows na R tena, andika `tpm.msc`. Chini kulia kuna Specification Version, yasema ngapi?

Kisha fungua PowerShell kama msimamizi, uandike:

```
manage-bde -status C:
```

Hiyo ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo inayoliza watu.

MwalimuMokowe · Mokowe · Ijumaa, saa 1:15 asubuhi

Fundi umenigusa. Mimi si mtu wa gemu, ni kijana wangu. Likizo iliyopita aliingia BIOS ya laptopu yangu ya kazi akawasha Secure Boot, mashine ikawaka na skrini ya samawati yataka namba 48 za BitLocker. Mimi sikujua hata kwamba hiyo BitLocker, kufuli la diski la Windows, iko. Mitihani ya gredi ya nane yote imo ndani. Nilikaa siku mbili bila usingizi.

Mwisho niliingia kwa simu kwenye akaunti yangu ya Microsoft, aka.ms/myrecoverykey, nikaikuta namba imehifadhiwa huko, na kitambulisho chake kikalingana na kile kilichoandikwa kwenye skrini. Niliziingiza namba moja moja nikiwa nashikilia karatasi. Yeyote atakayegusa mambo haya kwenye mashine ya mtu mwingine, amuulize mwenyewe kwanza.

FundiWaBarani · Ijumaa, saa 2:00 asubuhi

Pole mwalimu, na umeleta jambo lenyewe. Ufunguo wa BitLocker umefungwa ndani ya TPM, ile sehemu ya mashine inayotunza siri, na TPM huutoa ikiwa tu hali ya kuwasha mashine ni ile ile ya siku ulipofungwa. Secure Boot ikibadilika, hali imebadilika, TPM yakataa. Hakuna mwizi wala kirusi, ni kazi yake. Anayeikuta imewashwa aihifadhi namba kwanza nje ya mashine, kisha aisimamishe kwa muda:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0
```

Akimaliza mambo ya BIOS na Windows ikiwaka vizuri, airudishe kwa amri ile ile, pahali pa `-disable` aweke `-enable`, na aondoe `-RebootCount 0`. Data haifunguliwi upya wala kufutwa, kufuli tu lalegezwa.

JahaziLangoni · Ijumaa, saa 8:40 mchana

Nimetoka swala ya Ijumaa nikakaa na mashine. Majibu: BIOS Mode yasema Legacy. Secure Boot State yasema Unsupported. TPM ni 2.0, ile Kasi aliyoniwashia imebaki. BitLocker yasema Protection Off na Fully Decrypted.

Hiyo Unsupported imenivunja moyo. Ina maana bodi yangu haiwezi?

FundiWaBarani · Ijumaa, saa 9:05 alasiri

La. Hilo neno lapotosha watu wengi. Mashine ikiwa imewaka kwa Legacy, Windows haiwezi hata kuuliza habari za Secure Boot, basi yaandika Unsupported. Bodi yako ina menyu hiyo, umeiona kwa macho jana. Kasi alistahili shukrani kwa fTPM, hiyo sehemu imekwisha.

Kazi iliyobaki ni kuigeuza diski kutoka MBR kwenda GPT bila kufuta. Windows yenyewe ina chombo cha kazi hiyo. Kwanza ukaguzi tu, haubadilishi kitu. Dirisha la msimamizi:

```
mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS
```

Kama una SSD moja tu, namba yake ni 0. Usiendelee kwenye convert. Niletee jibu.

JahaziLangoni · Ijumaa, saa 9:30 alasiri

Imekataa. Mstari wa mwisho: `Disk layout validation failed for disk 0`.

KasiYaUmeme · Ijumaa, saa 9:34 alasiri

Niliwaambia. Windows upya tu.

FundiWaBarani · Ijumaa, saa 9:52 alasiri

Kasi ndugu yangu, subira. Jahazi, bonyeza kulia kwenye kitufe cha Windows, fungua Disk Management, uangalie Disk 0. Nieleze kila kisanduku na rangi ya mstari ulio juu yake. Hasa D:.

JahaziLangoni · Ijumaa, saa 10:01 alasiri

System Reserved MB 500, mstari wa samawati iliyokolea. C: GB 150, samawati iliyokolea. D: kama GB 296, mstari wake ni samawati hafifu na yote imezungushiwa mpaka wa kijani.

FundiWaBarani · Ijumaa, saa 10:20 alasiri

Huyo mpaka wa kijani ndiye adui. Ni partisheni ya Extended, na D: iliyomo ndani ni Logical. mbr2gpt haikubali hata moja ya aina hiyo. Yataka zote ziwe Primary, na zisizidi tatu ili ya nne, ya EFI, ipate nafasi.

Njia iliyo salama: azima diski ya nje, nakili vyote vilivyo D:, kisha fungua picha kadhaa kutoka kwenye diski ile ya nje uhakikishe zinafunguka. Usitosheke na kuona majina ya mafaili. Kisha kwenye Disk Management bonyeza kulia D:, Delete Volume. Ile sehemu ya kijani itabaki tupu, ifute nayo hadi kisanduku kiwe na mstari mweusi kimeandikwa Unallocated. Rudia validate.

Kuna programu za kugeuza Logical iwe Primary bila kufuta. Nimezitumia, zafanya kazi, lakini stima ikikatika katikati umepoteza D:. Kwa picha za arusi mimi singethubutu.

ShaibuShela · Lamu, Shela · Ijumaa, saa 2:10 usiku

Nimesoma yote. Nina Ubuntu na Windows kwenye mashine moja, na nina maswali mawili. Kwanza, nikiwasha Secure Boot Ubuntu yangu itakufa? Pili, nyinyi mwaona sawa gemu iamrishe mtu abadilishe bodi ya mashine yake? Leo ni Secure Boot, kesho wataka kuona nini? Dereva wa gemu kukaa kwenye kiini cha Windows tangu mashine inawaka, hata siku ambayo sichezi, mimi halinikai.

FundiWaBarani · Ijumaa, saa 2:45 usiku

La kwanza nakujibu kwa hakika. Ubuntu ina saini inayokubaliwa, itawaka. Kinachoweza kukwama ni madereva yaliyojengwa kwenye mashine yako, kama ya kadi ya NVIDIA au ya VirtualBox, yasiposajiliwa ufunguo wake. Ukiona picha imekuwa kubwa na ya ovyo baada ya kuwasha, ndilo hilo. Ndani ya Ubuntu angalia hali kwa:

```
mokutil --sb-state
```

La pili, shekhe wangu, sina jibu la kukuridhisha. Secure Boot yenyewe mimi naiwasha kwa kila mteja, gemu au hakuna, kwa sababu yazuia virusi vya chini vilevile. Dereva wa gemu ni jambo jingine, na hofu yako ni ya haki. Mteja mmoja wangu hapa Malindi ana biashara ya kutuma pesa kwenye mashine ile ile, nilimshauri gemu aziweke kwenye kompyuta nyingine.

ShaibuShela · Ijumaa, saa 2:58 usiku

Basi nitawasha Secure Boot, lakini gemu hiyo siiweki.

JahaziLangoni · Jumamosi, saa 5:15 asubuhi

Binamu yangu wa Mkomani amenipa diski ya nje. Nimenakili GB 63, nimefungua picha ishirini hivi na video mbili. Nimefuta D:, nimefuta na ile ya kijani. Nikarudia validate: `Validation completed successfully`. Mikono yatetemeka. Niendelee?

FundiWaBarani · Jumamosi, saa 5:22 asubuhi

Una UPS? Kama huna, stima iko imara sasa? Kazi yenyewe ni dakika moja au mbili tu, lakini katika dakika hizo isikatike.

Na kabla hujaendelea, jambo moja la kadi. Ryzen 5 2600 haina picha yake yenyewe, wategemea RX 570 peke yake. CSM ikizimwa, kadi lazima iwe na programu ya UEFI ndani yake, la sivyo skrini yabaki nyeusi. RX 570 ya kawaida inayo, ila za mtumba nyingi zilitumika kuchimba sarafu na wenyewe waliziandika upya. Juzi ulizima CSM na ukaiona menyu ya BIOS, kwa hivyo ya kwako yaonyesha picha. Nawaambia wengine wanaosoma: pakueni GPU-Z, angalieni kisanduku kilichoandikwa UEFI pale kando ya BIOS Version. Kisipokuwa na tiki, msizime CSM.

JahaziLangoni · Jumamosi, saa 5:40 asubuhi

Stima ipo. Nimeandika:

```
mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS
```

Imesema `Conversion completed successfully`, na kwamba lazima nibadilishe firmware iwashe kwa UEFI. Kuna mstari mwingine unalalamika habari ya ReAgent.xml.

FundiWaBarani · Jumamosi, saa 5:48 asubuhi

Vizuri sana. Ya ReAgent ni ile sehemu ya kuokolea Windows, tutaiwasha mwisho kwa `reagentc /disable` kisha `reagentc /enable`.

Sasa ingia BIOS, zima CSM, lakini Secure Boot usiiguse bado. F10, acha Windows iwake. Jambo moja kwa wakati mmoja, ili likikwama ujue ni lipi. Kwenye orodha ya Boot utaona jina jipya, Windows Boot Manager. Hilo ndilo liwe la kwanza.

JahaziLangoni · Jumamosi, saa 6:02 mchana

Imewaka! msinfo32 yasema BIOS Mode UEFI, na Secure Boot State imegeuka kuwa Off.

Nikarudi BIOS, nikaweka Secure Boot Enabled, F10. Windows ikawaka, lakini msinfo32 bado Off. Nikaingia BIOS tena: pale juu yaonyesha Enabled, lakini pembeni yake imeandikwa Not Active. Na Valorant sasa yaleta VAN9003, yataka Secure Boot tu. Nimekosea wapi?

KasiYaUmeme · Jumamosi, saa 6:10 mchana

Hiyo hata mimi sijawahi kuiona. Enabled halafu Not Active?

FundiWaBarani · Jumamosi, saa 6:31 mchana

Hujakosea. Angalia mstari wa System Mode kwenye menyu hiyo hiyo. Najua umeandikwa Setup.

Secure Boot ni mlinzi mlangoni mwenye daftari la saini. Umemwajiri kwa kuandika Enabled, lakini daftari halina hata jina moja, basi hawezi kumkagua mtu, amekaa tu. Kwenye Setup funguo hazimo. Zikiingia, mstari huo wageuka kuwa User, na hapo Not Active yawa Active.

Badilisha Secure Boot Mode kutoka Standard uweke Custom. Itafunguka Restore Factory Keys, bodi nyingine huandika Install Default Secure Boot Keys. Ibonyeze, kubali Yes. Ikikuuliza kuzima na kuwasha upya, kubali. Kisha rudisha Mode iwe Standard, hakikisha Enabled ingalipo, F10. Usiguse kitu chochote chenye neno Delete au Clear hapo, wala usifute funguo moja moja.

JahaziLangoni · Jumamosi, saa 7:05 mchana

System Mode: User. Secure Boot: Active. Ndani ya Windows nikaandika kwenye PowerShell ya msimamizi:

```
Confirm-SecureBootUEFI
```

Imejibu `True`. Valorant imefunguka, nimecheza mechi moja nzima. reagentc nayo imekubali. D: nimeiunda upya na picha zinarudi sasa hivi.

KijanaMaweni · Malindi, Maweni · Jumamosi, saa 11:20 jioni

Fundi mimi nilizima CSM kabla sijafika kwenye maneno yako ya kadi. Nina HD 6670. Skrini nyeusi kabisa, feni yazunguka, bodi yalia mara kadhaa. Siwezi hata kuingia BIOS kuirudisha.

FundiWaBarani · Jumamosi, saa 11:41 jioni

Kadi hiyo ni ya 2011, haina UEFI. Zima mashine, chomoa waya ukutani, toa ile betri ya mviringo kwenye bodi, ngoja dakika tano hivi, irudishe. Bodi itarudi kwenye mipangilio ya kiwandani na kwa bodi za umri huo CSM huwa imewashwa. Kama ina pini mbili zilizoandikwa CLRTC au CLR_CMOS, ziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi sekunde chache, mashine ikiwa haina umeme.

Lakini ukirudi, kwa kadi hiyo Secure Boot haiwezekani. Ama kadi mpya zaidi, ama prosesa yenye picha yake.

JahaziLangoni · Amu · wiki mbili baadaye, Jumanne, saa 2:30 usiku

Fundi nimerudi. Jana stima ilipotea usiku kucha. Leo nimewasha, Valorant yaleta VAN9001 tena, ile ya kwanza kabisa. Windows yawaka vizuri, lakini intaneti yasema kurasa si salama, na saa ya kompyuta yaonyesha mwaka wa 2018. Confirm-SecureBootUEFI yajibu `False`. Nibonyeze Restore Factory Keys tena?

FundiWaBarani · Jumanne, saa 2:55 usiku

Usibonyeze. Saa imeshakwambia ugonjwa. Betri ya bodi imekufa, CR2032. Stima ikikatika BIOS yasahau yote, yarudi kiwandani: fTPM yazimwa, CSM yawashwa, Secure Boot yazimwa. Windows yawaka kwa sababu diski ni GPT na bodi bado yaweza UEFI.

Tafuta fundi wa sola mwenye mita, apime betri. Nzima ni volti 3 hivi. Na angalia vishikio vyake, hewa ya chumvi ya huko hufanya kutu ya kijani, visugue taratibu kwa kitambaa kikavu.

Ukishaweka mpya, ingia BIOS, rekebisha saa, washa fTPM, zima CSM, halafu angalia System Mode kwanza. Funguo hazikai kwenye betri, zinakaa kwenye chipu ya BIOS, kwa hivyo nategemea utakuta User. Ukikuta User, weka Enabled tu uondoke.

Sababu ya kukukataza Restore ni hii. Vyeti vya Microsoft vilivyomo kwenye bodi za zamani ni vya 2011, na muda wao mwisho ni 2026, vingine Juni na kimoja Oktoba. Windows Update huongeza vya 2023 ndani ya bodi. Mashine haifi siku hiyo ikifika, yaendelea kuwaka. Lakini ukibonyeza Restore, wavirudisha vya kiwandani peke yake na kuvifuta vilivyoongezwa. Kama faili ya kuwashia Windows tayari imesainiwa kwa cheti cha 2023, bodi itaikataa. Likikukuta hilo, zima Secure Boot uingie Windows, kisha andika hapa kabla ya kuiwasha tena.

MwalimuMokowe · Jumanne, saa 3:20 usiku

Fundi, na kwa laptopu yangu yenye BitLocker, betri hiyo ikifa itaniuliza tena zile namba 48?

FundiWaBarani · Jumanne, saa 3:33 usiku

Yaweza, mwalimu. Secure Boot au TPM ikirudi kuzimwa, itauliza. Laptopu nyingi zina betri hiyo pia, ndani, wakati mwingine ikiwa na waya mdogo. Saa ikianza kupotea tu, usingoje, na ile karatasi iweke mahali unapopajua.

JahaziLangoni · Jumatano, saa 10:50 alasiri

Betri ilisoma 2.1. Nimenunua mpya kwa fundi wa saa hapa Langoni. Upande mmoja wa kishikio ulikuwa na kijani kweli, nimeusugua hadi ukang'aa. Nikaingia BIOS: System Mode, User. Sikugusa funguo. Enabled, F10.

Nikachomoa waya ukutani kwa saa nzima kujaribu. Nimewasha sasa hivi, saa ni sahihi, na yajibu `True`.

KijanaMaweni · Jumatano, saa 1:15 usiku

Mimi nimetoa betri kama ulivyosema, picha ikarudi. Kuna mtu aniuzia GTX 650 ya mtumba. Hiyo ina UEFI?

FundiWaBarani · Jumatano, saa 1:40 usiku

Za kizazi hicho nyingine zinayo, nyingine hazina, hata jina likiwa moja. Mwambie aiweke kwenye mashine yake, afungue GPU-Z, akupigie picha ya skrini. Bila tiki kwenye UEFI, usitoe pesa.